Kwa nini kiungulia hurudi baada ya soda ya kuokea na vidonge vya kutafuna

*"Daktari, nina miaka 52, nauza samaki hapa Kisumu. Tangu mwezi wa sita kiungulia kinanichoma kila usiku nikishalala. Nilikuwa nakoroga kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwenye glasi ya maji, nabeua, napoa, lakini haifiki saa moja kimerudi. Wa duka la dawa akanipa vidonge vyeupe vya kutafuna, vya miligramu 500. Hivyo vinanishikilia kidogo zaidi, ila saa saba au saa nane usiku naamka moto umezidi. Sasa natafuna hata vinane kwa siku. Jirani ananiambia dawa hizi ndizo zinaniongezea asidi. Ni kweli? Nameza pia dawa za presha, amlodipini na ile ya kukojoza."*

Mama, jirani yako amepatia nusu. Vidonge vya kutafuna vinaweza kweli kuusukuma mfuko wa tumbo utoe asidi zaidi baadaye, na nitakueleza vinafanyaje. Soda ya kuokea nayo ina kosa tofauti: kwa sehemu kubwa haikuongezei asidi, inapita tu na kuondoka kabla kazi haijaisha. Lakini katika yote uliyoandika, kilichonishtua si hicho. Ni vidonge vinane kwa siku pamoja na dawa ya kukojoza. Nitafika huko, na naomba usiache kusoma kabla yake.

Tuanze na soda. Soda ya kuokea ni sodiamu baikaboneti. Ikikutana na asidi ya tumbo, ambayo ni asidi haidrokloriki, mambo huisha papo hapo:

NaHCO3 + HCl → NaCl + H2O + CO2

Yaani soda na asidi vinageuka kuwa chumvi ya kawaida, maji, na hewa ya kaboni dayoksaidi. Asidi iliyoguswa imekwisha, haipo tena. Kwa kuwa soda imeshayeyuka kwenye maji kabla hujainywa, hakuna cha kusubiri, na ndiyo sababu unapoa ndani ya dakika chache. Dawa chache za kiungulia hufanya haraka kiasi hicho.

Shida iko kwenye kipimo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina karibu gramu 5 za soda. Mfuko wa tumbo usio na chakula huwa na maji kidogo tu, tuseme mililita 50 au pungufu, na asidi yote iliyomo humo inamalizwa na takriban robo ya gramu. Umekunywa mara ishirini ya ulichohitaji. Mtu angetarajia kwamba ile ziada itabaki ikilinda hadi alfajiri, lakini haibaki. Mfuko mtupu hausubiri na maji. Huyasukuma kwenda kwenye utumbo mwembamba, na nusu ya glasi huwa imeshapita kwa dakika kumi hadi ishirini hivi. Soda iliyoyeyuka huenda na maji hayo. Huku nyuma, seli za ukuta wa tumbo hazijaacha kazi yake, zinaendelea kutoa asidi kidogo kidogo hata usiku, na baada ya nusu saa au zaidi kidogo hali imerudi ilivyokuwa. Ile "haifiki saa moja kimerudi" uliyoandika ndiyo hiyo hasa. Asidi haijaongezeka, mlinzi ameondoka.

Hapo hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: dawa za kupunguza asidi zikinywewa tumbo likiwa tupu hufanya kazi dakika 20 hadi 40 tu, lakini zikinywewa saa moja baada ya mlo zinaweza kushikilia kwa saa mbili mpaka tatu. Ni kwa sababu chakula huchelewesha mlango wa chini wa tumbo kufunguka, kwa hiyo dawa nayo inachelewa kutoka. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile, saa ya kuinywa ndiyo inayoleta tofauti. Wewe unainywa tumbo likishaanza kuwa tupu, ukiwa kitandani, wakati ambao ndio mbaya kuliko wote.

Sasa ile hewa. Gramu moja ya soda ikimalizwa yote na asidi hutoa takriban mililita 300 za hewa, ujazo wa chupa ndogo ya soda ya dukani. Katika kijiko kizima, si yote inayokutana na asidi, kwa hiyo hewa yenyewe ni pungufu kuliko hesabu kamili, lakini inatosha kuujaza mfuko. Unabeua, kifua kinafunguka, unahisi dawa imefanya kazi. Sehemu ya nafuu hiyo ni mfuko kupungua kujaa, si asidi kuisha. Na kubeua kwenyewe ni kufungua ule msuli unaoziba kati ya umio na tumbo. Ukifunguka kuruhusu hewa ipande, vilivyomo tumboni vinaweza kupanda nayo, hasa ukiwa umelala. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni asidi kupanda kwenye umio, dawa inayombeuza inamtibu kwa mkono mmoja na kumuumiza kwa mwingine. Tena usithubutu kuinywa ukiwa umeshiba sana. Ni nadra, lakini wapo watu waliopasuka tumbo kwa kunywa soda nyingi juu ya mlo mkubwa, wakati asidi tele ilikuwa ikiingoja.

Tuje kwa swali la jirani yako: asidi inaongezekaje baada ya dawa ya kuipunguza?

Mfuko wa tumbo hupima asidi yake wenyewe. Fikiria tangi la maji lenye boya ndani. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga bomba. Ukiyapunguza, boya linashuka na bomba linafunguka tena bila wewe kuligusa. Sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo ina seli za aina mbili zinazofanya kazi ya boya hilo. Za kwanza hutoa homoni iitwayo gastrini, ambayo husafiri kwenye damu kwenda kuamsha seli za kutoa asidi. Za pili hutoa somatostatini, ambayo huzizuia zile za kwanza. Asidi ikiwa kali, somatostatini inaongezeka na gastrini inabanwa. Asidi ikipungua, breki inaachiliwa, gastrini inapanda. Gastrini nayo huzichochea seli jirani zitoe histamini, na histamini ndiyo inayoziambia pampu za asidi zianze kusukuma.

Kwa hiyo kila unapoipunguza asidi, kwa dawa yoyote ile, umelishusha boya. Mwili hauna namna ya kujua kwamba umefanya hivyo kwa makusudi. Kama tumboni kuna chakula, hasa cha protini kama samaki, nyama au maharagwe, gastrini huitikia zaidi, kwa sababu protini yenyewe inaiita. Kwa soda ya kuokea, mwitikio huu upo lakini ni mdogo na wa muda mfupi, kwa kuwa soda yenyewe haikai. Kama ungekuwa unatumia soda peke yake, ningemwambia jirani yako kwamba amezidisha.

Vidonge vyako ni habari nyingine. Vile vyeupe vya kutafuna vya miligramu 500, kwa maelezo uliyonipa, ni kalsiamu kaboneti, ambayo kwa asili ni chokaa iliyosafishwa. Angalia kwenye pakiti uthibitishe jina hilo. Nayo inaimaliza asidi na kutoa kaboni dayoksaidi, ila chembe moja ya kalsiamu kaboneti inamaliza asidi mara mbili ya chembe moja ya soda:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Haiyeyuki kwenye maji matupu. Inasubiri asidi iiyeyushe, kwa hiyo inaanza polepole na kudumu zaidi, na ndiyo sababu umeona inakushikilia kuliko soda. Kutafuna kunasaidia hapo, maana unga laini unaguswa na asidi haraka kuliko kipande kizima. Ukimeza bila kutafuna unapoteza sehemu ya faida.

Tazama sasa kilichobaki baada ya asidi kuisha: kalsiamu iliyo huru ndani ya maji ya tumbo. Zile seli za kutoa gastrini zina vipokezi vinavyoihisi kalsiamu. Zikiihisi, zinatoa gastrini, hata kama hakuna chakula cha kuziita. Seli za kutoa asidi nazo zina vipokezi hivyo, na kalsiamu inayofyonzwa kwenda kwenye damu inaweza kuzichochea pia. Ukijumlisha, boya limeshuka kwa sababu asidi imepungua, na juu yake kalsiamu yenyewe inalisukuma bomba lifunguke. Dawa ikishakwisha tumboni, amri ya kutoa asidi inabaki ikiendelea kwa saa kadhaa. Hilo watafiti walilipima kwa kunyonya maji ya tumbo na kuhesabu asidi tangu miaka ya 1960, na ni kwa kalsiamu kaboneti ndiko lilikoonekana wazi kuliko kwa dawa nyingine za namna hii. Dozi inavyokuwa kubwa ndivyo mwitikio unavyokuwa mkubwa.

Je, ndicho kinachokuamsha saa nane? Tuutazame usiku wako. Wauza samaki wengi ninaowajua hufunga saa mbili, hufika nyumbani na kula saa tatu, na saa nne wako kitandani. Kama nawe ndivyo, samaki wa kukaanga mwenye mafuta bado yuko tumboni unapolala, kwa sababu mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Kiungulia kinaanza saa nne na nusu, unatafuna vidonge viwili vitatu, unapoa, unalala. Saa saba dawa imekwisha, gastrini bado iko juu, chakula kinachoibana asidi kimeshapungua, na umelala chali ambapo uzito wa maji haukusaidii tena kuiweka chini. Mambo manne yanakutana saa hiyo. Asidi ya kurudi ni mojawapo. Siwezi kukuambia kwa uaminifu kwamba ni kubwa kuliko mengine matatu, na kwa mtu anayetafuna kidonge kimoja mara mojamoja wataalamu wengi wanaona haileti madhara ya kuhisika. Kwa mtu wa vinane kila siku, naiamini zaidi.

Kuna njia ya kupima mwenyewe bila mashine. Tazama saa. Kiungulia kikirudi ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya dawa, hiyo ni dawa iliyotoka tumboni mapema. Kikirudi baada ya saa mbili hadi nne, tena kikali kuliko cha kwanza, na siku ambazo hukutafuna kitu hakiji kwa ukali huo, basi kalsiamu ina mkono wake.

Sasa lile lililonishtua. Kila kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 200 za kalsiamu. Vinane ni miligramu 1,600, kabla hatujahesabu omena anayeliwa na mifupa yake na chai ya maziwa. Sambamba na hiyo kalsiamu, mwili unapokea alkali kila siku, na figo inalazimika kuitoa. Dawa ya kukojoza ya presha inayotumika sana kwetu ni haidroklorothiazaidi, na moja ya tabia zake ni kuizuia figo isiitoe kalsiamu kwenye mkojo. Unaingiza kwa mlango mmoja na kuufunga mwingine. Kalsiamu ikipanda kwenye damu, figo hubana, mwili hupoteza maji, alkali hushindwa kutoka, na alkali hiyo nayo huizuia kalsiamu kutoka zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Madaktari waliufahamu mapema karne iliyopita. Mwaka 1915 daktari wa Chicago, Bertram Sippy, alieneza matibabu ya vidonda vya tumbo kwa kunywa maziwa na krimu kila saa pamoja na unga wa alkali, na kabla ya miaka kumi kuisha wagonjwa wengine walishaonekana wamelewa, wanatapika, figo zimeharibika. Tiba ile imeachwa, lakini hali yenyewe imerudi siku hizi kwa sababu ya vidonge vya kalsiamu vinavyouzwa bila kuandikiwa.

Dalili zake huanza kimyakimya: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu, uchovu, mawazo kutotulia. Kwa kuwa unameza dawa ya kukojoza, ni rahisi kuilaumu hiyo kwa mkojo na kiu. Kama una mbili katika hizo, usingoje wiki iishe. Nenda upimwe damu: kalsiamu, kriatinini ya figo, potasiamu na baikaboneti.

Soda ya kuokea nayo haifai kwako, kwa sababu nyingine. Kijiko kimoja cha gramu 5 kina karibu gramu 1.4 za sodiamu, sawa na gramu tatu na nusu za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kijiko kimoja cha usiku kinakula zaidi ya nusu ya hiyo kabla hujaonja chakula, na chumvi ya aina hii haina ladha ya chumvi kwa hiyo hujui kwamba umeila. Unameza vidonge viwili kuteremsha presha, halafu unakoroga kitu cha kuipandisha. Ile dawa ya kukojoza, kama ni niliyoitaja, pia hupunguza potasiamu, na alkali ya soda inaipunguza zaidi. Potasiamu ikishuka sana misuli inalegea na moyo unaruka mapigo.

Niongeze neno kuhusu magadi, maana katika nyumba nyingi za Kisumu, Kakamega na Siaya yapo jikoni kwa ajili ya mboga za kienyeji, na nawasikia watu wakiyeyusha kijiwe wanywe kwa kiungulia. Magadi si soda ya kuokea. Yale ya Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na baikaboneti, na kaboneti ni kali zaidi mno kwenye utando wa koo na tumbo. Yana floraidi pia, ambayo wengi wetu tayari tunaipata ya kutosha kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa. Kwenye sufuria ya mrenda yana kazi yake. Kwenye glasi ya mgonjwa, hapana.

Ufanye nini, basi?

Usiku wa leo, acha soda kabisa. Vidonge vya kalsiamu, simamisha mpaka damu ipimwe. Kama haivumiliki, chagua dawa ya maji yenye alumini na magnesi. Haina hiyo kalsiamu inayoamsha gastrini, na nyingi zina sodiamu kidogo, ingawa ni vizuri kusoma lebo. Kunywa saa moja baada ya chakula cha jioni, si ukishaanza kuungua kitandani. Magnesi inaweza kulegeza choo na alumini kukifunga, ndiyo maana huchanganywa. Mwenye figo mbovu asiinywe bila daktari, na kwa kuwa figo zako hatujazijua, iwe ya siku chache tu.

Dawa inayofaa kwa kiungulia cha kila usiku si ya kumaliza asidi iliyokwisha kutoka, ni ya kuzuia isitoke. Omeprazoli huziba zile pampu zenyewe, hivyo gastrini inaweza kupanda itakavyo na bomba lisifunguke. Kwa kawaida ni miligramu 20 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya mlo, kwa wiki 4 hadi 8. Watu wengi hushindwa nayo kwa sababu wanaimeza usiku tumbo likiungua, wanaona haijafanya kitu, wanaacha siku ya pili. Haifanyi kazi kama soda. Pampu zinazibwa wakati zinapofanya kazi, ndiyo maana huliwa kabla ya mlo, na nguvu zake hukamilika baada ya siku tatu nne. Nakutahadharisha: nayo ina asidi yake ya kurudi. Ukiimeza miezi kadhaa ukaiacha ghafla, gastrini iliyokuwa juu muda wote hukuta pampu ziko wazi, na kiungulia kinaweza kukupanda wiki moja mbili hata kama ulikuwa umepona. Wengi huamini ugonjwa umerudi na kuanza tena. Ukifika mwisho wa dozi, daktari akupunguzie polepole.

Upande wa chakula, nakupa moja tu ambayo ina maana katika hali yako: acha muda wa saa tatu upite kati ya mlo na kulala. Kula samaki wako sokoni saa kumi na moja jioni ukiweza, na usiku unywe kitu chepesi. Kama haiwezekani, inua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili chini ya miguu ya upande wa kichwani. Mito inakunja tumbo na kuongeza msukumo, matofali yanainua mwili mzima. Amlodipini inaweza pia kulegeza ule msuli wa mlango wa umio kwa baadhi ya watu. Usiiache mwenyewe, maana presha isiyotibiwa ni mbaya kuliko kiungulia, lakini mwambie daktari wako, anaweza kubadilisha.

Kama kuna dawa nyingine unazotumia ambazo hukuziandika, nitajie au mwambie wa kliniki. Kalsiamu, alumini na magnesi hushikana na dawa nyingi tumboni na kuzizuia zisifyonzwe: doksisaiklini, siprofloksasini, dawa ya tezi ya shingo, vidonge vya madini ya chuma. Anayetumia dolutegravia kwa ajili ya virusi vya ukimwi aimeze saa mbili kabla ya dawa hizi za asidi au saa sita baada yake, vinginevyo kiwango kwenye damu kinaweza kushuka. Wapo watu waliofuata dozi bila kukosa siku, na tatizo lilikuwa hapa.

Huenda ukaambiwa kwamba hii ni alsa, yaani vidonda vya tumbo. Usikubali kuandikiwa dawa za vidonda vya tumbo kwa maelezo ya kiungulia peke yake, wala kwa kile kipimo cha damu cha haraka cha bakteria wa helikobakta pailori. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, ambazo hubaki hata baada ya bakteria kuondoka, kwa hiyo hakikuambii kama wapo sasa. Omba kipimo cha choo. Kifanywe kabla ya kuanza omeprazoli, au uiache wiki mbili kabla yake, na uwe umekaa wiki nne bila antibiotiki, la sivyo kinaweza kusema hawapo nao wapo. Na kama kuna kidonge cha mgongo au magoti unachokipata dukani, diklofenaki, ibuprofeni au chochote chenye aspirini, hicho kinachubua tumbo kwa njia ambayo hakuna soda wala chokaa itakayoizuia.

Mambo haya yakikutokea, usisubiri miadi: chakula kushikwa kooni au kifuani unapomeza, kutapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, kupungua uzito bila kujaribu, au kuishiwa damu. Kumeza kwa shida nakusisitizia zaidi. Ukanda wetu, kuanzia Bomet na Bonde la Ufa hadi huku magharibi, una saratani nyingi ya umio, na wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi kumeza hata uji, baada ya miezi ya kunyamazisha kifua kwa dawa za dukani. Kamera ya kuangalia umio na tumbo inafanyika katika hospitali kubwa za rufaa za Kisumu na Eldoret. Kwa umri wako, na kiungulia ambacho kimekaa miezi, ningeomba rufaa hiyo hata kama dalili hizi huna, endapo wiki nne za omeprazoli iliyomezwa ipasavyo hazitabadilisha kitu.

Na maumivu ya kifua yakija na jasho baridi, kukosa pumzi, au yakishuka kwenye mkono au taya, hasa ukiwa unabeba mzigo au unapanda ngazi, panda gari uende hospitali wakati huo huo. Usikoroge kitu kwanza. Kubeua na kupata nafuu kidogo hakuthibitishi kwamba ni tumbo, na mwenye presha wa miaka 52 hatakiwi kuhakikisha hilo nyumbani.

Unapoenda kliniki yako ya presha, nenda na pakiti ya vidonge vya kutafuna pamoja na dawa zako zote mbili za presha. Mwambie daktari idadi kamili kwa siku na tangu lini, ukitaja na soda. Vidonge vya dukani watu hawavihesabu kama dawa, kwa hiyo daktari naye haulizi, na kipimo cha kalsiamu hakimo katika vile vinavyoagizwa kwa kawaida kwa mgonjwa wa presha. Ni lazima ukitaje wewe.